Mama alijisahihisha katikati ya mahojiano: niandike lipi?

*Jambo mwalimu. Nimemhoji mama mmoja wa Majengo, hapa Goma, juu ya volkano ya 2021. Rekodi ni dakika 52. Mwanzoni alisema walikimbilia Sake usiku ule wa Jumamosi, wakakaa wiki mbili. Kisha katikati akasema hapana, Jumamosi walivuka Gisenyi, Sake ilikuwa Alhamisi. Karibu na mwisho akarudia tena ile ya kwanza! Pia alisema hawakupata msaada wowote, halafu akasema walipewa unga. Mhariri anataka muhtasari wa nusu ukurasa. Niandike yote mawili, au nichague? Na nikichagua, si nitakuwa nimemgeuzia mama maneno yake?*

Dada, asante kwa kunitumia na maandishi ya rekodi yote, maana bila hayo ningekujibu kwa kubahatisha. Uchague. Muhtasari unaeleza mahali mama aliposimama baada ya kufikiri, na mahali hapo panaonekana vizuri katika rekodi yako. Maandishi ya rekodi usiyaguse hata neno moja. Yale yabaki na kusitasita kwake kote, na makosa yake, na kujirudi kwake. Msomaji wa muhtasari haji kuona jinsi kumbukumbu ya mama ilivyohangaika. Anataka kujua mama anasema walikimbilia wapi, lini, na kwa muda gani.

Lakini kabla ya kuchagua lazima uhakikishe kwamba ulichonacho ni sahihisho kweli. Mtu anaweza kusema mambo mawili yasiyopatana bila kujisahihisha hata kidogo. Tuanze na dakika ya nne, kama ulivyoiandika:

[04:10] «Ile siku ya Jumamosi, usiku, tuliona mbingu inakuwa nyekundu. Tulibeba watoto, tukaenda mpaka Sake. Tulikaa kule wiki mbili.»

Hapa mama anajibu swali lako la kwanza kabisa. Watu wengi hujibu swali la kwanza kwa hadithi ambayo wamekwisha kuisimulia mara nyingi, na hadithi ya namna hiyo hukatwa ikawa fupi: moto, mbio, Sake, basi. Matukio mawili yanaungana yanakuwa moja. Sasa sikiliza alichofanya baadaye, alipokuwa anakueleza namna mtoto wake alivyopotea kwenye msongamano:

[27:40] «Mtoto alipotelea pale ku barieri ndogo, watu walikuwa wengi… Hapana, ngoja. Ngoja kwanza. Sake haikuwa ile Jumamosi. Jumamosi tulivuka Gisenyi, tukalala inje, asubuhi tukarudi. Sake ni ile Alhamisi, wakati gavana alisema watu batoke.»

Hilo ni sahihisho, na ninaweza kukuonyesha kwa nini. Amejikatiza mwenyewe, hukumuuliza. Ametaja hasa kitu anachokiondoa: Sake siku ya Jumamosi. Ameweka kingine mahali pake, na amekileta na vitu vyake: barieri, kulala nje, kurudi asubuhi, tangazo la gavana. Kilichomwamsha pia kinasikika wazi. Kumbukumbu ya mtoto kupotea barieri haiingii katika safari ya Sake, kwa sababu barieri ndiyo njia ya mpakani ya kuvuka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na Sake iko magharibi, upande wa Masisi. Mama aliona mwenyewe kwamba hadithi yake haikai, akaipanga upya mbele yako.

Unaweza kujiuliza kama mambo yaliyotokea yanamuunga mkono. Yanamuunga. Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Usiku huo maelfu walivuka kwenda Gisenyi. Lava ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji, na Jumapili wengi wakarudi. Kisha Alhamisi tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akaamuru wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waondoke, na njia waliyoonyeshwa ni ya Sake. Simulizi ya dakika ya 27 inakaa sawasawa ndani ya siku hizo. Ila usitumie ratiba hiyo kumwamulia. Usiku ule wa Jumamosi kuna watu waliokimbia kweli kuelekea Sake, kwa hiyo hata kauli ya dakika ya nne ingewezekana. Ratiba inakuambia tu kwamba sahihisho halina kasoro. Aliyeamua ni mama, na kazi yako ni kumfuata.

Sasa tufike kwenye kile kilichokusumbua zaidi, dakika ya 50:

[50:20] «Basi, tangu ile Jumamosi tulikimbilia Sake, mimi sikuuza tena makala ile mwezi yote.»

Ukifuata kanuni ya «neno la mwisho ndilo lenye nguvu», utaandika Jumamosi na Sake, na utakosea. Nimeona wahariri wazuri wakiteleza hapa, kwa sababu kanuni hiyo inaonekana ya haki. Msimamo wa mwisho ni ule ambao mtu aliufikia kwa kulipima jambo lenyewe, na baada ya hapo hakuupima tena. Unaweza kuwa dakika ya 27 katika rekodi ya dakika 52. Katika dakika ya 50 mama hasemi juu ya safari. Anasema juu ya biashara yake ya makala, yaani mkaa, iliyosimama, na ile «Jumamosi tulikimbilia Sake» imepita kama alama ya wakati tu. Ulimi umerudi kwenye njia uliyoizoea. Hakusema «hapana», hakuondoa Gisenyi, hakueleza kwa nini Alhamisi si kweli. Kama angetaka kurudisha kauli ya kwanza, angelazimika kusema kitu juu ya mtoto aliyepotea barieri, na hakusema.

Kwa hiyo jaribu kujiuliza: pale anaposema, je, jambo hili ndilo analolizungumzia, au linapita tu likimsaidia kusema jingine? Kauli inayopita haiwezi kuangusha kauli iliyopimwa. Kama dakika ya 50 angesimama akasema «lakini unajua, nimefikiri, kweli ilikuwa Jumamosi», hapo mambo yangebadilika, na ungekuwa na msimamo mpya.

Sahihisho likishakubalika, lifuatilie linapofika. Watu wengi hubadilisha neno moja, hapa siku, halafu wanaacha yote yaliyojengwa juu ya neno lile kama yalivyo. Mama alisema «wiki mbili» katika dakika ya nne, alipokuwa bado anahesabu kutoka Jumamosi. Baada ya kujisahihisha hukumuuliza tena mara moja, lakini dakika ya 33 ulirudi kwenye jambo hilo:

[33:05] «— Kwa hiyo Sake mlikaa wiki mbili? — Eee… kama siku kumi. Tulirudi Jumapili, nilikuta misa imeanza.»

Tazama jibu lile. «Eee» ya kwanza ni ya adabu, maana ulimletea jibu ndani ya swali, na mama wa umri wake hawezi kumkatalia mtoto wa watu mara moja. Kinachofuata ndicho chake. Na hesabu inamkubalia: kutoka Alhamisi tarehe 27 Mei hadi Jumapili tarehe 6 Juni ni siku kumi. Kutoka Jumamosi tarehe 22 Mei hadi Jumapili hiyohiyo ni siku kumi na tano, yaani wiki mbili na siku moja. Kwa hiyo «wiki mbili» haikutoka hewani. Ni muda wa mahangaiko yote, tangu moto hadi kurudi nyumbani, ambao katika hadithi fupi ulibandikwa Sake peke yake. Katika muhtasari andika «kama siku kumi» kwa Sake. Tarehe 6 Juni usiiandike kama neno la mama. Yeye alisema Jumapili. Tarehe umeipata wewe kwa vidole, na ukitaka kuitumia, iandike nje ya maneno yake.

Rudi pia kwenye mambo mengine yaliyosemwa kati ya dakika ya 4 na ya 27 ambayo yanategemea safari ya Jumamosi. Nimeona moja katika maandishi yako, dakika ya 15, pale aliposema «hatukubeba kitu, hata sufuria». Alikuwa bado kwenye hadithi ya usiku mmoja. Je, hawakubeba sufuria kwenda Gisenyi, au kwenda Sake siku ya Alhamisi, ambapo walikuwa na mchana wa kufunga mizigo? Rekodi haisemi. Sahihisho la dakika ya 27 limeiacha kauli hii ikining'inia, na hakuna ruhusa ya kuitundika upande wowote. Ama umuulize, ama isiingie kwenye muhtasari. Mimi ningeiacha, kama huna njia ya kumpata.

Suala la msaada ni la aina nyingine, na ukilichukulia kama lile la Sake utaliharibu. Dakika ya 21 alisema «hatukupata msaada wowote». Dakika ya 44 alisema «unga walitupa, lakini ni mara moja, tena ni kanisa». Hapa mama hajageuka. Ameiwekea kauli yake mpaka. Lalamiko lake limebaki palepale, kwamba walioondoshwa kwa amri hawakutunzwa na walioamuru. Ukiandika «anasema walipata msaada wa unga» umemgeuza kweli. Ukiandika «anasema hawakupata msaada wowote» umepuuza neno lake la baadaye, na mtu wa parokia akisoma atakuwa na haki ya kukasirika. Sentensi inayomtendea haki inabeba yote mawili kwa uzito wake: «Anasema kwamba kwa siku zote za Sake msaada pekee walioupata ni unga, mara moja, kutoka kanisani.» Angalia kwamba sikuandika «kwanza alisema hivi, kisha vile». Kauli iliyopunguzwa huandikwa ikiwa imeshapunguzwa.

Kuna na kipande cha dakika ya 24, ambacho hukukitaja katika swali lako lakini ndicho kilichonitia wasiwasi kuliko vyote. Mama alisema shefu wa nyumba kumi alikula unga wa watu. Dakika ya 45, ulipomuuliza aliona vipi, alijibu: «Mimi sikuona. Ni watu walisema.» Hapo shutuma haina tena mwenye kuishuhudia. Usiiandike kwenye muhtasari hata kwa kuongeza «ingawa baadaye alisema hakuona», kwa sababu msomaji ataondoka na unga na shefu, na ile «ingawa» ataisahau njiani. Mtu huyo anaishi Majengo, na avenyu nzima inamjua. Kama uvumi wenyewe una maana kwa kazi yenu, uandike kama uvumi uliokuwa ukizunguka miongoni mwa waliokimbia, bila kumwonyesha mtu.

Kuhusu idadi ya watu wa nyumba, dakika ya 12 saba na dakika ya 38 wanane, usitafute msimamo wa mwisho maana haupo. Hakuna mahali aliposema «nilikosea». Inawezekana kabisa anahesabu mambo mawili tofauti, waliokuwa wakilala kwake na waliosafiri naye, na dada yake alikuwa amekuja. Usichague nane kwa sababu tu imekuja nyuma. Andika «watu saba au wanane», au «yeye na jamaa zake».

Swali litakalokuja kwa mhariri wako ni kama muhtasari utaje kwamba mama alibadilisha. Kwa safari ya Sake, jibu langu ni hapana. Ni raia anayekumbuka usiku wa hofu, alichanganya siku mbili, akazitenganisha mwenyewe. Kuitangaza katika nusu ukurasa ni kumfanya aonekane shahidi asiyeaminika, wakati kwa kweli kujisahihisha kwake kunaongeza uzito wa alichosema. Weka tu dakika pembeni, [27:40], ili anayetaka kuhakikisha afike mahali penyewe, na katika maandishi ya rekodi, kwenye 04:10 na 50:20, ongeza kwa mkono wako ndani ya mabano: [tazama 27:40].

Mabadiliko hutajwa pale ambapo mabadiliko yenyewe ni habari. Kiongozi anayesema mwanzoni mwa mahojiano kwamba njia ilifunguliwa saa nne usiku, halafu ukimwonyesha ujumbe aliotuma mwenyewe anasema ilifunguliwa alfajiri, huyo msomaji ana haki ya kujua kwamba alibadili na kilichombadilisha. Vilevile kama kauli ya kwanza imekwisha kutoka nje, kwa mfano mliitangaza redioni kabla ya kusikiliza rekodi hadi mwisho. Hapo sentensi inaanza na msimamo wake wa sasa, kisha kwa ufupi ule wa zamani na sababu. Usianze na wa zamani, kwa kuwa wanaosoma sentensi ya kwanza tu ni wengi.

Na chunga vitendo unavyotumia. «Alikiri» inamfanya mtuhumiwa. «Alidai» inamtilia shaka. «Alijichanganya» ni hukumu yako, siyo habari. Kwa mama huyu «anasema» inatosha kila mahali. Mimi kipande chenu ningekiandika hivi:

«Usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 alivuka na watoto hadi Gisenyi, wakalala nje, na asubuhi wakarudi Majengo [27:40]. Katika msongamano wa barieri ndogo mtoto wake mmoja alipotea. Alhamisi iliyofuata, baada ya amri ya gavana, walienda Sake, ambako anasema walikaa kama siku kumi na kurudi siku ya Jumapili [33:05]. Msaada pekee anaoukumbuka ni unga, mara moja, kutoka kanisani [44:15]. Biashara yake ya makala ilisimama mwezi mzima [50:20].»

Tarehe ya Jumamosi nimeiandika kwa sababu siku ya mlipuko haina ubishi na mama mwenyewe ameitaja siku. Na utaona 50:20 imeingia, lakini kwa kile mama alichokuwa anakisema pale, yaani makala.

Kuna jambo moja la kuangalia kama mnakata sauti kwa redio. Kipande cha 04:10 kinasikika vizuri sana, sauti iko safi, mbingu nyekundu, watoto mgongoni. Kile cha 27:40 kina kelele na kusitasita. Fundi wa sauti atakupendekezea cha kwanza, nami namwelewa. Lakini sauti nayo hufuata msimamo wa mwisho, haina uhuru kuliko maandishi. Unaweza kukata 04:10 ikaishia kwenye «tulibeba watoto», kabla ya Sake, mradi sentensi ya mtangazaji inayofuata iseme Gisenyi. Usikate 27:40 kwa kuondoa ile «hapana, ngoja» ili ionekane imenyooka, maana bila hiyo anayesikia hajui kuna kitu kimeondolewa, na mkihitaji siku moja kutetea mlichotangaza, sauti mliyonyoosha haitawasaidia.

Mwisho, una simu ya mama. Mpigie kabla ya kupeleka kwa mhariri, lakini chunga namna ya kuuliza. Usiseme «Mama, ilikuwa Alhamisi, sivyo?», maana atakujibu «eee» kama alivyokujibu dakika ya 33, na utabaki ulipokuwa. Baada ya salamu na kuuliza hali ya watoto, mwambie: «Mama, nisaidie tena ile safari ya Sake. Mliondoka nyumbani siku gani, na mlikuwa mmetoka wapi?» Kisha nyamaza. Muulize na ile sufuria, ilibaki nyumbani safari gani. Na muulize watu wa nyumba kwa majina, usimuulize idadi, halafu uhesabu mwenyewe. Andika siku na saa ya simu hiyo chini ya maandishi ya rekodi, kwa sababu atakachosema huko si sehemu ya mahojiano yale, ni mazungumzo mapya, na msomaji asije akakitafuta ndani ya zile dakika 52.